Saw palmetto, mafuta ya mbegu za maboga na wenzake: jinsi ya kuvijaribu kwa ajili ya kipara bila kujiumiza

Haipiti wiki sijaulizwa hili. Nauza dawa, kwa hiyo watu wanakuja kaunta na picha ya chupa kwenye simu, "bro hii kitu kweli inarudisha nywele?", mwingine ashanunua tayari anataka tu nimwambie ameze mbili au nne. Nimejibu mpaka nimechoka, so naandika mara moja hapa halafu ntakuwa natuma hii.

Nianze na ukweli mchungu ili usije ukasema nimekudanganya: hivi vitu vina ushahidi kidogo sana, si sifuri ila kidogo, na kwa wengi vikifanya kazi basi ni kupunguza kasi ya kipara, sio kurudisha nywele za ukiwa form two. Ukitaka kujaribu jaribu, ila ufanye kama mtu anayepima kitu, siyo kama mtu anayebeti.

Theori fupi tu. Mwilini testosteroni inageuzwa na kimeng'enya fulani inakuwa DHT. Kwa mwenye asili ya kipara, vinyweleo vya mbele na vya utosini vinaisikia sana hiyo DHT, vinasinyaa taratibu, unywele unatoka mwembamba zaidi kila ukiota upya mpaka unabaki manyoya tu, wakati za kisogoni na juu ya masikio hazijali kabisa. Ndo maana mzee anabaki na ile pete ya nywele nyuma. Saw palmetto na wenzake wanadaiwa kukibana hicho kimeng'enya. Finasteridi ya hospitali nayo inafanya hivyo hivyo, tofauti ni nguvu. Basi, theori imeisha.

Kabla hujaanza uwe na hivi

Simu yenye kamera na sehemu moja yenye mwanga usiobadilika, bafuni chini ya taa panatosha. Kalenda. Orodha ya dawa zote unazomeza, zote kabisa, mpaka ile aspirini ndogo ya kila siku. Hela ya miezi sita ya bidhaa MOJA, maana ukiwa na ya mwezi mmoja tu ni bora ununue nyama. Na uwe mwanaume mtu mzima. Kama una chini ya miaka 18 funga hapa, kama ni mwanamke ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 2 kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kipara cha DHT kweli

Hapa ndo wengi wanapotea. Kipara cha DHT kina ramani yake, makona ya mbele yanapanda, au utosi unaanza kuonekana, polepole kwa miaka, ngozi haiwashi haina vidonda, na mara nyingi kuna baba au mjomba kwenye picha za zamani ana kichwa hicho hicho.

Sio kipara cha DHT kama nywele zimetoka viduara duara ghafla, kama kuna magamba na muwasho (hayo yanaweza kuwa mapunye, yanataka dawa ya fangasi), kama zimekatika pembeni mbele kwa sababu ya rasta na kusuka kwa kuvuta, au kama zimeanza kumwagika kichwa kizima miezi miwili mitatu baada ya homa kali, upasuaji au kujifungua. Hiyo ya mwisho inawatisha watu sana ila mara nyingi inarudi yenyewe. Upungufu wa damu na tezi ya shingo navyo vinamwaga nywele. Hapo hata umeze ndoo ya saw palmetto hamna kitu, maana tatizo haliko kwenye DHT. Ukiwa huna uhakika mwone daktari wa ngozi mara moja tu, utaokoa miezi.

Hatua ya 2: Jichuje mwenyewe

Usianze kabisa kama:

- Una mimba, unaweza kuwa nayo, unaitafuta, au unanyonyesha. Mtoto wa kiume tumboni anahitaji DHT ili viungo vyake vya kiume viumbike vizuri. Kwa finasteridi hili linajulikana na limeandikwa kwenye boksi, kwa mitishamba inayodai kazi hiyo hiyo hakuna mwenye akili atakayekwambia jaribu tuone.
- Unatumia warfarini, aspirini ya kila siku au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Kuna ripoti ya mgonjwa aliyekuwa anameza saw palmetto, akavuja damu kupita kawaida akiwa kwenye upasuaji. Ni ripoti ya mtu mmoja, haithibitishi kitu peke yake, ila hutaki kuwa wa pili.
- Una upasuaji au kung'oa jino karibuni. Acha wiki mbili kabla na umwambie daktari ulikuwa unatumia nini.
- Una ugonjwa wa ini, au uliwahi kuugua kongosho. Zipo ripoti chache za ini na kongosho kuwaka kwa watumiaji wa saw palmetto, nadra lakini zipo.
- Una zaidi ya miaka 50 na mkojo unakusumbua, unaamka usiku mara tatu, unatoka kwa kudondoka. Wewe nenda kapime tezi dume kwanza. Saw palmetto imepata umaarufu kwenye tezi dume kabla ya nywele, ila Marekani walipoipima vizuri ilifeli mara mbili, utafiti uliotoka 2006 wenye wanaume 225 na mwingine wa 2011 wenye wanaume 369 ambao walipandisha dozi mpaka mara tatu ya kawaida, na bado haikuzidi vidonge hewa.

Hiyo ya mwisho uikumbuke pia kwenye nywele. Kama kitu kinabana DHT kwa nguvu ungetegemea tezi dume ionyeshe dalili. Finasteridi inaonyesha, hii haikuonyesha.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja, na ujue kimepimwa wapi

*Saw palmetto.* Ni kamichikichi kafupi ka kusini mashariki mwa Marekani, Florida na Georgia huko, kinachotumika ni matunda yake. Kwenye chupa imeandikwa Serenoa repens. Kwa nywele kuna utafiti mdogo wa Marekani uliotoka 2002, saw palmetto ikichanganywa na beta-sitosteroli, kitu cha mafuta kinachotoka kwenye mimea, na waliohesabiwa mwisho ni kiduchu, kwenye dawa 6 kati ya 10 walionekana wana nafuu, kwenye plasebo, yaani vile vidonge hewa, 1 kati ya 9. Inavutia ila watu 19 hawajazi hata daladala. Halafu kuna wa Italia wa 2012, wanaume 100 kwa miaka miwili, nusu walimeza saw palmetto 320 mg kwa siku na nusu finasteridi 1 mg. Walioongezeka nywele kwenye saw palmetto ni asilimia 38, kwenye finasteridi 68, na saw palmetto ilisaidia zaidi utosini kuliko mbele. Kasoro yake ni kwamba hapakuwa na kundi la plasebo na kila mtu alijua anameza nini. Kwa hiyo ukiwa na makona tu utosi uko sawa, punguza matumaini mapema.

*Mafuta ya mbegu za maboga.* Hapa namba zinapendeza zaidi. Korea, 2014, wanaume 76, wiki 24, kundi la dawa walipata 400 mg kwa siku na idadi ya nywele ikapanda asilimia 40, plasebo 10. Na huu ulikuwa na plasebo kweli. Sasa subiri kabla hujakimbilia dukani. Kapsuli ile haikuwa na mafuta ya maboga peke yake, ilikuwa na unga wa mimea mingine kadhaa humo humo, kwa hiyo hamna anayejua nini kilifanya kazi. Halafu piga hesabu na mimi. Mbegu za maboga zilizomenywa karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, so 400 mg za mafuta unazipata kwenye gramu moja hivi, ni punje chache tu, hazijai hata kijiko cha chai. Wale wanaokula pakiti nzima ya mbegu za kukaanga kwenye basi la Dodoma wanameza mara ishirini na zaidi ya hiyo dozi, na vipara vyao tunaviona. Haithibitishi kwamba utafiti ni uongo, kukaanga nako kunabadilisha mafuta, ila inanifanya nisite. Uzuri wake ni chakula, hatari ni ndogo, kwa hiyo kwa mtu mwenye wasiwasi ningemwambia aanze na hii.

*Wengine.* Mizizi ya mpupu wa Ulaya, beta-sitosteroli peke yake, na pygeum. Hiyo pygeum ni gome la Prunus africana, mti wetu huu wa milimani, Wakikuyu wanauita mũiri, na umechunwa magome kwa ajili ya soko la tezi dume Ulaya mpaka ukawekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1995. Kwa nywele sijaona utafiti wa maana hata mmoja, kwa hiyo mti wa watu uachwe. Chai ya kijani kunywa tu kwa raha zako, ila zile kapsuli za chai ya kijani iliyokolezwa zina historia ya kuumiza ini, hasa za dozi kubwa, mimi siziuzi kwa mtu wa nywele.

Hatua ya 4: Soma lebo kama unasoma mkataba

Kwa saw palmetto unatafuta neno *extract*, 320 mg kwa siku, na pawe pameandikwa ina asidi za mafuta asilimia 85 mpaka 95. Mara nyingi inakuwa kapsuli laini yenye mafuta ndani. Ukikuta *berry powder* 500 mg hiyo ni unga wa tunda lililosagwa, namba ni kubwa lakini kile kitu chenyewe ni kidogo. Watu wanaona 500 ni kubwa kuliko 320 wanafurahi wamepata dili. Na chai ya saw palmetto usinunue kabisa, vinavyotakiwa viko kwenye mafuta, maji ya moto hayavitoi.

Kuna uchakachuaji pia, extract inachanganywa na mafuta ya bei rahisi, mawese na mengineyo. Kipimo cha nyumbani ni pua, toboa kapsuli moja kwa pini. Halisi inanuka kwa nguvu. Kuna watu meli yao ilivunjika pwani ya Florida mwaka 1696, wenyeji wakawapa matunda haya, wakasema ladha yake haina mfano ila jibini iliyooza ikalowekwa kwenye tumbaku. Kapsuli yako ikinukia kama mafuta ya kupikia ya kawaida, ujue umepigwa. Ikinuka hiyo haimaanishi ni safi mia kwa mia, lakini angalau.

Angalia na vingine vilivyoungwa humo. Chupa za "nywele" nyingi zina vitamini ya bayotini nyingi sana, na bayotini inaweza kuvuruga majibu ya maabara, ya tezi ya shingo na hata kile kipimo cha moyo wanachopima mtu akija na maumivu ya kifua. Ukipimwa damu sema unatumia.

Hatua ya 5: Piga picha za siku ya sifuri

Hii ndo wote wanairuka halafu mwezi wa nne wananiuliza "naona kama zimeongezeka, au?". Piga nne, mbele, kona ya kulia, kona ya kushoto, na utosi ukiwa umeinamisha kichwa, utosi mpe mtu akupige. Sehemu ile ile, taa ile ile, nywele kavu, bila mafuta bila flashi. Na kwa sisi tunaonyoa, hesabu siku tangu kinyozi. Mimi nilichagua siku ya 10 baada ya kunyoa namba moja, kila mwezi hivyo hivyo, maana picha ya siku ya 3 na ya siku ya 15 zinakudanganya kuliko chupa yenyewe.

Hatua ya 6: Anza kumeza

Saw palmetto 320 mg kwa siku, mara moja au ugawe 160 asubuhi na 160 jioni. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, sio na chai kavu, ukimeza tumbo tupu kichefuchefu kitakufundisha. Mafuta ya maboga kapsuli za kufika 400 mg, yagawe asubuhi na jioni. Yakiwa ya chupa, yaweke kwenye giza, yamwage kwenye kachumbari, usiyakaangie.

USICHANGANYE. Usianze saw palmetto, maboga, shampuu ya kafeini na minoksidili, ile dawa ya kipara ya kupaka, wiki moja. Zikiongezeka hutajua nani kafanya, ukiharisha hutajua nani kafanya. Na usipandishe dozi ukiona kimya, kwenye ule utafiti wa 2011 mara tatu haikuongeza chochote.

Hatua ya 7: Miezi mitatu usihukumu, mwezi wa sita hukumu

Unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi na kinyweleo kinapumzika miezi kadhaa kabla ya kuanza upya, kwa hiyo mwezi wa kwanza na wa pili hauoni kitu, hata kingefanya kazi. Weka alama kwenye kalenda. Mwezi wa sita weka picha ya sifuri na ya sita pembeni kwa pembeni, mpe mtu asiyejua ipi ni ipi achague yenye nywele nyingi. Akikosea au akisita, hakijafanya kazi.

Mfano: binamu yangu wa Tanga

Miaka 29, makona yamepanda na utosi umeanza. Alikuwa ananunua chupa tatu tofauti kwa mpigo, nikamtoa zote nikamwachia saw palmetto tu, 320 mg. Picha siku ya 10, tukaanza. Wiki ya pili analalamika tumbo, kumbe anameza asubuhi na chai ya rangi. Akahamishia kwenye chakula cha mchana, likatulia.

Mwezi wa tatu ananipigia anasema chupa inaisha haraka. Nikamuuliza unameza ngapi. "Moja tu bro, ila shemeji yako naye anameza, nywele zake za mbele zimekatika." Moyo ulinilipuka. Nikamuuliza shemeji yuko salama? Kimya. Kisha: "Ana kama miezi miwili hivi." Shemeji akaacha siku ile ile na wakaenda kliniki wakaeleza kila kitu, chupa mkononi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, lakini miezi ile hakuna aliyelala vizuri. Na nywele zake za mbele zilikuwa ni weaving tu, alipoachana na kuvuta zilianza kurudi zenyewe. Chupa ya mwanaume isikae mezani kwenye nyumba yenye mwanamke anayeweza kushika mimba bila kumwambia ni ya nini, weka juu ya kabati.

Mwezi wa sita nilimpa dada wa binamu picha achague. Utosi alisita, akasema zinafanana. Makona alichagua ya siku ya sifuri, yaani mbele kulikuwa kumeendelea kurudi nyuma. Kwa mimi hiyo ni feli mbele, na utosini pengine imeshikilia, pengine muda tu. Akaenda kwa daktari wa ngozi, sasa yuko kwenye minoksidili ya kupaka.

Ukikwama

*Tumbo, kuharisha, kichwa kuuma kidogo.* Meza na chakula. Wiki mbili bado? Acha.

*Hamu ya tendo imeshuka au jogoo hawiki.* Kwenye tafiti haijaonekana sana, ila acha wiki nne uone. Ikirudi, umepata jibu lako. Isiporudi, pima sukari na presha, maana hivyo ndo wahusika wa kawaida.

*Macho ya njano, mkojo kama kokakola, maumivu makali juu ya tumbo yanayokwenda mgongoni.* Acha leo, hospitali leo, na chupa uibebe.

*Fizi zinatoka damu, michubuko bila sababu.* Acha, na kama kuna dawa nyingine ya damu hukuitaja mwanzo, itaje sasa.

*Nimefika miezi sita hamna kitu.* Usibadilishe kampuni ukaanza upya, ni kitu kile kile. Hapo maongezi ni minoksidili au finasteridi na daktari. Ukianzishiwa finasteridi kumbuka inashusha majibu ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, karibu nusu, kwa hiyo siku ukipimwa tezi dume umwambie anayekupima, asije akadhani uko salama kumbe namba imekandamizwa.

*Imenisaidia, niache?* Ukiacha, DHT inaendelea na kazi yake, faida kama ilikuwepo itapotea taratibu ndani ya miezi. Kama mfuko unaruhusu endelea, rudia picha kila baada ya miezi mitatu, na zile kapsuli zikishapita tarehe usimpe mdogo wako.